Kuhami Mabomba ya Maji Moto na ya Maji Baridi: Kwa Nini Unene Mmoja Hauzifai Pwani na Nyanda za Juu

Utangulizi

Si jambo geni kukuta, katika nyaraka za zabuni za majengo ya umma ya ukanda wetu, kifungu kimoja kinachoagiza kwamba mabomba yote ya maji moto na ya maji yaliyopozwa yafunikwe kwa mpira wa povu wenye unene wa milimita 13. Kifungu cha namna hiyo kinafupisha kazi ya mwandishi wa zabuni, lakini kinachanganya mambo mawili yasiyofanana. Makala haya yanajadili tofauti hiyo. Hoja yake ni kwamba kwenye bomba la maji moto unene wa kihami ni suala la gharama, ambapo kila kinachoongezwa kinasaidia kwa kiasi fulani. Ilhali kwenye bomba la maji yaliyopozwa kuna mpaka ambao lazima uvukwe, na asiyeuvuka hupata matone yaleyale aliyolipia kuyazuia.

Mahesabu yote yaliyomo humu yanachukua kihami cha mpira wa povu kinachopitisha joto kwa kiwango cha wati 0.038 kwa mita kwa kila nyuzi ya Selsiasi, na hewa tulivu ya ndani ya jengo inayopokea au kutoa wati 9 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi ya tofauti. Hivi ni viwango vya kawaida kwa povu jeusi lisilong'aa.

Bomba la maji moto: mfano wa Kigali

Tuchukue bomba la shaba lenye kipenyo cha nje cha milimita 22, linalopitisha maji ya nyuzi 60 katika jengo lililoko Kigali, ambamo hewa ina nyuzi 20. Likiachwa tupu, kila mita yake hupoteza takriban wati 25. Likivikwa kihami cha milimita 9, hasara hushuka hadi wati 12. Kwa milimita 13 inakuwa wati 10, na kwa milimita 19 inakuwa wati 8 na kidogo. Msomaji ataona kwamba milimita 9 za kwanza zimeokoa zaidi ya nusu ya joto lililokuwa likipotea, na milimita 10 zilizofuata zimeokoa wati zisizozidi 4.

Katika hoteli au hospitali ambamo pampu huzungusha maji moto mchana na usiku, tofauti hizi zina uzito. Mzunguko wa mita 100 ulio tupu hupoteza kilowati-saa 60 kwa siku hata kama hakuna mgeni hata mmoja aliyefungua bomba la kuogea. Ukivikwa milimita 13, hupoteza kilowati-saa 24. Ukivikwa milimita 19, kama 20. Mshauri anaweza kuzidisha tofauti hiyo ya kilowati-saa 4 kwa bei ya umeme ya nchi yake na kuamua kama unene wa ziada unajilipa. Akikosea kidogo katika uamuzi huo, hakuna kitakachoharibika.

Hali ni tofauti kwenye nyumba yenye hita ya maji ya jua juu ya paa, ambayo bomba lake halina mzunguko. Hapo maji husimama ndani ya bomba baada ya kila matumizi, na yanaanza kupoa. Katika bomba letu la milimita 22, maji ya nyuzi 60 yatafika nyuzi 29 baada ya saa moja ikiwa bomba ni tupu, na nyuzi 45 ikiwa limevikwa milimita 19. Kwa familia ambayo watu wake huoga kwa kufuatana jioni, kihami kinafanya kazi ya maana. Lakini baada ya saa 8 za usiku bomba lililohamiwa litakuwa limefika karibu nyuzi 21, na anayeamka alfajiri atamwaga maji ya baridi vilevile kabla ya kupata ya moto. Kihami huchelewesha kupoa tu. Kinachopunguza maji yanayomwagwa alfajiri ni kulifanya bomba liwe fupi na jembamba, jambo ambalo msanifu wa jengo hulitatua kwenye mchoro kabla fundi hajafika.

Bomba la maji baridi: mfano wa Dar es Salaam

Kwa maji baridi hatuzungumzii maji ya kawaida ya mfereji. Pwani, maji hayo hukaribiana na joto la hewa yenyewe na bomba lake halitoi jasho. Yanayotonesha ni mabomba ya maji yaliyopozwa kwa ajili ya viyoyozi vya majengo makubwa, ambayo aghalabu huwa na nyuzi 7, pamoja na mabomba madogo yanayotoa maji kwenye viyoyozi vya ukutani.

Hewa yenye mvuke hutoa maji inapogusa kitu chenye ubaridi uliovuka kiwango fulani. Kiwango hicho tutakiita halijoto ya umande, na tukio lenyewe tutaliita mtonesho. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80, ambayo mkazi yeyote wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa ataitambua, ina halijoto ya umande ya nyuzi 26.2. Maana yake ni kwamba uso wa nje wa kihami hauruhusiwi kuwa baridi kuliko hewa kwa zaidi ya nyuzi 3.8. Nafasi hiyo ni finyu mno.

Tuchukue sasa bomba la chuma lenye kipenyo cha nje cha milimita 60, lenye maji ya nyuzi 7. Likivikwa milimita 13 zilizoandikwa katika zabuni, uso wa kihami utakuwa na nyuzi 25.1. Uso huo uko chini ya halijoto ya umande, basi kihami kitatoa jasho urefu wake wote, na dari litaloa. Likivikwa milimita 19, uso utakuwa na nyuzi 26.6, ni mkavu, lakini kwa chini ya nusu nyuzi. Milimita 25 zinaupandisha hadi nyuzi 27.4. Kumbe milimita 6 ambazo Kigali zingeokoa wati mbili tu, hapa ndizo zinazotenganisha dari kavu na dari lenye ukungu.

Unyevu ukipanda hadi asilimia 90 huku joto likibaki nyuzi 30, kama inavyoweza kutokea katika dari lililofungwa lenye tundu la kuingiza hewa ya nje, halijoto ya umande hufika nyuzi 28.2. Unene unaohitajika hupanda kutoka milimita 17 hadi karibu milimita 35. Kwa hiyo asilimia 10 za unyevu zimedai kihami maradufu. Hii ndiyo sababu jedwali la unene lililoandaliwa kwa nchi zenye hewa kavu haliwezi kunakiliwa pwani, hata kama mtambo ni uleule na maji ni yaleyale.

Jambo moja huwashangaza hata mafundi wazoefu. Bati la alumini linalong'aa, ambalo huvikwa juu ya kihami ili kikae kwa muda mrefu na kupendeza, hupokea joto kidogo kutoka katika kuta na dari kwa njia ya mnururisho. Kwa bomba la maji moto hiyo ni faida. Kwa bomba la maji baridi ni hasara, kwa kuwa uso unakosa joto la kuuweka juu ya halijoto ya umande. Uso unaopokea wati 5.5 badala ya 9 utahitaji, katika mfano wetu wa asilimia 80, milimita 26 badala ya 17. Anayechagua alumini ya kung'aa kwa sababu ya urembo anapaswa kuongeza unene au kuipaka rangi isiyong'aa.

Mvuke unaopenya ndani

Unene ukishakuwa sahihi, bado kuna adui wa pili. Katika hewa tuliyoitaja, shinikizo la mvuke ni kilopaskali 3.4, kwenye uso wa bomba lenye nyuzi 7 haliwezi kuzidi kilopaskali 1.0. Mvuke kwa hiyo husukumwa kuelekea kwenye bomba saa zote ambazo mtambo unafanya kazi, na ukipata ufa hugeuka maji hukohuko ndani. Kwenye bomba la maji moto mwelekeo ni kinyume: joto hufukuza unyevu, na ufa hupoteza joto kidogo basi.

Maji hupitisha joto takriban mara 16 kuliko povu kavu. Kihami kilicholoa hivyo huacha kuwa kihami, uso wake hupoa, na mtonesho wa nje huanza mahali ambapo unene ulikuwa wa kutosha. Sufi ya kioo huathirika zaidi, kwa kuwa kinga yake yote ni ile karatasi ya nje. Ikitobolewa kwa msumari mmoja, maji husambaa ndani ya nyuzi zake. Wakati huohuo chuma kinaoza bila kuonekana. Kwa maoni ya mwandishi, bomba tupu linalodondosha maji hadharani lina afadhali kuliko lililofunikwa vibaya, kwa maana la kwanza hujishtaki lenyewe.

Mahali pa kwanza pa kuchunguza ni kwenye vishikizo. Fundi akifunga kishikizo cha chuma moja kwa moja kwenye bomba, kisha akazungushia povu pande zote mbili, kishikizo hicho hupoa na kutoa jasho hadi kwenye fimbo iliyoingia kwenye zege. Akikifunga juu ya povu laini, uzito wa bomba hulibana povu hadi likawa na milimita chache. Njia sahihi ni kuweka kipande kigumu cha kihami chenye bati chini yake, na kishikizo kikae nje ya vyote viwili. Vali nazo huachwa wazi kwa hoja kwamba zitahitaji kufunguliwa. Zinapaswa kuvikwa visanduku vinavyofunguka na kuzibwa tena. Kwenye kona, povu lililovutwa ili lizunguke huwa jembamba kwa upande wa nje, na doa la kwanza huonekana hapo. Mabomba mawili yanayogusana huzuia hewa kupita katikati yao, na hapo pia huloa.

Ikumbukwe kwamba tone huanguka mahali pa chini kabisa pa bomba, ambapo si lazima pawe ndipo ufa ulipo. Kutafuta kosa juu ya doa la dari pekee ni kupoteza muda. Inabidi bomba lifuatwe kuelekea lilikopanda. Mkaguzi hukata kipande kidogo cha kihami, hukibana kwa karatasi kavu, kisha huliziba tundu kwa gundi na kiraka.

Yanayopasa kuingia katika zabuni

Zabuni ya jengo la pwani itaje hali ya hewa ya kubuniwa, yaani joto na unyevu wa dari husika, na idai kwamba mkandarasi aonyeshe hesabu ya halijoto ya uso kwa kila kipenyo cha bomba, pamoja na aina ya uso wa nje. Ya jengo la nyanda za juu inaweza kutaja unene moja kwa moja kwa maji moto.

Mpangilio wa kazi nao uandikwe. Bomba lijaribiwe kwa shinikizo kwanza, likaushwe, lipakwe rangi ya kuzuia kutu, ndipo livikwe. Ncha za kila kipande cha povu zigundishwe kwenye bomba lenyewe, ili ufa mmoja usiloweshe mstari mzima. Mtambo wa kupoza usiwashwe mpaka gundi ikauke, kwa kawaida siku moja na nusu, na mkandarasi asiruhusiwe kuuwasha mapema kwa sababu ya sherehe ya ufunguzi. Dari lifungwe baada tu ya mtambo kufanya kazi siku kadhaa na mkaguzi kupita na kipimajoto cha kugusa na kipimaunyevu, akiandika joto la uso wa kila kishikizo, kila vali na kila kona, kando ya halijoto ya umande ya saa hiyohiyo.