Kidole Chenye Maji, Kidole Kikavu na Simu Isiyofunguka

Kisoma alama za vidole kilicho kwenye kitufe cha pembeni mwa simu, au mgongoni mwake, kwa kawaida hakipigi picha ya kidole. Kinapima umeme. Chini ya uso wake laini zimepangwa nukta nyingi ndogo za kupimia. Kidole kikigusa hapo, matuta madogo ya ngozi hukaa juu ya uso huo, na mifereji iliyo kati ya matuta hubaki na hewa. Ngozi na hewa hazishiki chaji kwa kiwango kimoja, na tofauti hiyo ndiyo inayoipa simu ramani ya alama. Kutoka tuta moja hadi la pili ni karibu nusu milimita tu, kwa hiyo hata kitu kidogo huivuruga ramani hiyo.

Maji huivuruga kwa kuziba mifereji. Uwezo wa maji kushika chaji ni karibu mara 80 ya ule wa hewa, hivyo palipotakiwa kuonekana mfereji kisoma huona kitu kinachofanana na ngozi. Jasho hufanya vivyo hivyo. Simu hubaki na doa moja pana lisilo na mistari.

Ukavu una namna yake. Ngozi iliyokaushwa na sabuni ya unga, saruji au vitakasa mikono huwa ngumu, na matuta yake hugusa kisoma kwa vipande vipande. Simu humtambua mtu hasa kwa kuangalia mahali tuta linapoishia au linapogawanyika mara mbili. Mstari ukikatika kwa ukavu, kila mkato huonekana kama mwisho wa tuta, na alama inajaa dalili ambazo kidole chenyewe hakina.

Kujua tatizo ni lipi si kazi ngumu. Kidole na kisoma vikifutwa kwa kitambaa kikavu na simu ikafunguka, kilichozuia ni maji. Ikiwa inafunguka baada ya kidole kupuliziwa pumzi ya joto, kilichozuia ni ukavu. Kidole kilicholoweka muda mrefu kina shida ya tatu: neva hubana mishipa ya damu, ngozi inajikunja, na kukifuta hakusaidii mpaka ngozi inyooke.

Hapo ndipo kusajili kidole kimoja zaidi ya mara moja kunapoleta nafuu. Tuseme mama anafua kwa mikono kila asubuhi na hufungua simu kwa gumba la kulia. Usajili wa kwanza aufanye gumba likiwa safi katika hali yake ya kawaida, akilihamisha kidogo kila simu inapomwambia aliinue: katikati, ncha, kisha ubavu huu na ule. Kisoma cha pembeni ni chembamba na huona ukanda tu wa kidole. Sehemu isiyosajiliwa huenda isitambuliwe. Usajili wa pili aufanye baada ya kufua, gumba likiwa limefutwa lakini ngozi bado laini, na aishike simu vilevile anavyoishika akipokea malipo. Watu wengi hukosea hapa kwa kusajili kidole kinachodondosha maji. Kinachohifadhiwa, kama simu itakubali, ni alama mbovu. Simu nyingine hukataa kidole ilichokwisha kukijua. Hapo ni bora kufuta usajili wa zamani na kuurudia kwa utulivu.

Usajili wa mara mbili unatosha. Kila alama inayoongezwa huongeza pia nafasi ya mgeni kufanana nayo kwa bahati. Apple inakadiria kwamba katika Touch ID nafasi hiyo ni 1 kati ya 50,000 kwa kidole kimoja kilichosajiliwa, na hufika 1 kati ya 10,000 vikiwa vitano. Pia nafasi za kusajili si nyingi. Kwenye simu nyingi hazizidi tano, na ni busara kuacha moja kwa ajili ya mkono wa kushoto, maana jeraha la kisu jikoni halitoi taarifa.

Visoma vinavyotumia mawimbi ya sauti chini ya kioo, kama kile cha Galaxy S10 ya mwaka 2019, huvumilia unyevu vizuri zaidi, ingawa navyo hukwama maji yakizidi. Na kwa fundi ambaye saruji imemla matuta ya vidole, kusajili tena leo hakutadumu, kwa kuwa ngozi inayoota ndani ya wiki chache italeta mistari iliyo wazi kuliko hiyo. Katika kipindi hicho atumie namba ya siri, kisha asajili upya vidole vikishapona.