Wateja Wawili, Namba Moja

Namba ya mteja katika kanzidata ndiyo inayobeba uhusiano wote: mauzo, madeni na malipo hayaandikwi kwa jina la mtu bali kwa namba yake, ambayo mafundi huiita ufunguo msingi. Kwa kawaida kompyuta huigawa yenyewe kuanzia 1. Kwa hiyo kampuni mbili zilizokua kila moja kivyake zinapoungana, karibu kila namba huwa imekwisha kutolewa mara mbili.

Tuchukulie wauza vifaa vya ujenzi wa jumla wawili, mmoja wa Moshi mwenye wateja 3,200, mwingine wa Tanga mwenye 2,700. Huko Moshi, 1042 ni fundi bomba. Tanga, 1042 ni shule ya bweni. Mtu akijaribu kumwingiza wa Tanga kwenye jedwali la Moshi, kanzidata hukataa papo hapo, na hilo ni jambo jema. Hatari iko kwenye mauzo. Mauzo ya Tanga yanayosema “mteja 1042” yatapokewa bila kelele, maana 1042 yupo, na mifuko 300 ya saruji ya shule itakuwa deni la fundi bomba. Hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea. Itajulikana siku fundi atakapodaiwa.

Njia ya mkato ni kuziongezea namba zote za Tanga 1,000,000. Mgongano huisha, lakini mkandarasi aliyekuwa akinunua pande zote mbili hubaki watu wawili. Lililo bora ni jedwali la ulinganisho, lenye safu tatu tu: tawi, namba ya zamani na namba mpya. Kila mteja wa zamani hupata mstari mmoja, na aliye pande zote mbili hupata mistari miwili inayoelekea namba mpya ileile. Namba mpya zikianzia 10001, karani akiona stakabadhi yenye tarakimu nne atajua ni ya enzi za kabla ya muungano.

Kazi inayokula siku nyingi ni kuamua nani ni nani. Simu ndicho kidokezo cha kwanza, lakini Moshi waliziandika zikianza na 0, Tanga na 255, wengine wakaacha nafasi katikati. Sharti zifanywe za namna moja kabla ya kulinganishwa. Hata hivyo simu moja huweza kutumiwa na mume, mke na duka lao. Majina nayo hayaaminiki peke yake: Mohamedi wa Moshi ni Muhammad wa Tanga, na “Mama Asha” wapo kila mtaa. Namba ya mlipakodi ikifanana na jina likikaribiana, waunganishwe. Simu ikifanana lakini jina likawa tofauti, orodha ipelekwe kwa wauzaji wanaowafahamu wateja hao. Penye shaka, heri kuwaacha wawili. Nakala iliyobaki itaunganishwa hata mwakani, ila watu wawili waliokwisha kufanywa mmoja, mauzo yao yakachanganyika, ni vigumu mno kuwatenganisha.

Tuseme wamepatikana 410 walio pande zote mbili. Jedwali la ulinganisho litakuwa na mistari 5,900, na wateja wapya watakuwa 5,490. Ndipo mauzo huhamishwa yakipitia humo:

```sql
INSERT INTO mauzo (mteja_id, tarehe, kiasi)
SELECT u.namba_mpya, t.tarehe, t.kiasi
FROM mauzo_tanga t
JOIN ulinganisho u
  ON u.tawi = 'TANGA'
 AND u.namba_ya_zamani = t.mteja_id;
```

Amri hii ina mtego wake. Mauzo ambayo mteja wake alifutwa zamani hayana pa kulinganishwa, kwa hiyo yanaachwa nje kimyakimya. Ndiyo sababu mistari na jumla ya fedha huhesabiwa kabla na baada: yakitoka 61,000 yakafika 60,983, kuna 17 ya kutafutwa. Yakizidi, basi mteja fulani ameandikwa mara mbili katika ulinganisho.

Ukomo wa mkopo nao haujumlishwi kwa mashine. Mkandarasi aliyeruhusiwa milioni 5 Moshi na milioni 5 Tanga hakupewa na yeyote ruhusa ya kudaiwa milioni 10. Hilo huamuliwa na wenye biashara.

Mwisho ni kaunta. Katika PostgreSQL, namba zikiingizwa kwa mkono kaunta haisogei, na ikifika kwenye namba iliyokwisha kutumika, usajili wa mteja mpya hugonga ukuta wa `duplicate key value`. Dawa yake ni mstari mmoja, na mteja wa kwanza baada ya hapo atapata 15491:

```sql
SELECT setval('wateja_id_seq',
  (SELECT MAX(id) FROM wateja));
```