Kambi katikati ya kijiji

Bogoro ni kijiji cha Ituri, mashariki mwa Kongo, kama kilomita 25 kutoka mji wa Bunia, kwenye barabara inayoteremka kuelekea Kasenyi na Ziwa Albert. Mwanzoni mwa mwaka 2003 barabara hiyo ilikuwa na thamani kubwa: aliyeishika Bogoro aliamua nani apite kati ya mji na ziwa. Walioishika wakati huo walikuwa UPC, kundi la Thomas Lubanga lililoungwa mkono zaidi na Wahema. Askari wake walipiga kambi kwenye majengo ya shule, katikati kabisa ya kijiji, na nyumba za watu zikaizunguka kambi pande zote.

Tarehe 24 Februari 2003, kabla hakujapambazuka, wapiganaji wa Kingiti na Kilendu walikizingira kijiji na kuingia. Walikuwa na bunduki, mapanga na mikuki. Watu wengi walikuwa bado wamelala. Kufikia mwisho wa siku kambi ilikuwa imetekwa, askari wa UPC waliosalia wamekimbia, na watu wasiopungua 60 walikuwa wamekufa. Mabati ya nyumba yaling'olewa na kubebwa, mifugo ikaswagwa.

Kesi iliyotokana na siku hiyo ilisikilizwa miaka mingi baadaye katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mjini The Hague, na ndani yake mlikuwa na swali ambalo kila mwanasheria wa vita hulijua. Kambi ya jeshi ni shabaha halali. Hakuna sheria iliyowakataza wapiganaji hao kuishambulia. Sasa kambi ikiwa katikati ya kijiji na raia wakafa, utajuaje kama waliokuja walikuja kwa ajili ya kambi au kwa ajili ya kijiji?

Kabla ya kulijibu, tuliweke sawa neno raia, maana Kiswahili kimelipa kazi mbili. Tunasema fulani ni raia wa Uganda, tukimaanisha nchi yake. Tunasema pia kwamba askari amempiga raia, tukimaanisha mtu asiye askari. Sheria ya kimataifa ya kibinadamu, yaani sheria inayoongoza mwenendo wa vita vyenyewe, inahusika na maana ya pili tu. Mfanyabiashara wa kigeni aliyelala Bunia usiku wa mapigano ni raia kama mkulima aliyezaliwa hapo. Kabila lake, chama chake na upande anaouombea ushindi moyoni havimwondolei hadhi hiyo.

Kanuni yenyewe ni fupi. Pande zinazopigana lazima zitofautishe wakati wote kati ya raia na wapiganaji, na zielekeze mashambulizi yao kwa wapiganaji na vitu vya kijeshi peke yake. Wazo hili lilikuwamo katika Tamko la St. Petersburg la mwaka 1868, lililosema kwamba lengo pekee halali la mataifa vitani ni kudhoofisha majeshi ya adui. Likaandikwa kwa ukamilifu zaidi mwaka 1977, katika Itifaki za Nyongeza za Mikataba ya Geneva. Ya kwanza inahusu vita kati ya mataifa, ya pili vita vya ndani ya nchi. Leo kanuni hii inahesabiwa kuwa sheria ya kimila pia, kwa hiyo hata kundi la waasi lisilowahi kutia saini mkataba wowote linafungwa nayo.

Watu wengi hudhani kanuni hii inasema kila raia anayekufa vitani amekufa kwa uhalifu. Haisemi hivyo. Bomu lililolengwa kambini likimuua mpita njia, sheria huuliza maswali mengine: je, tahadhari zilichukuliwa, na je, madhara yaliyotarajiwa kwa raia yalipita kiasi yakipimwa na faida ya kijeshi? Linaweza kuwa kosa, au lisiwe. Kinachokatazwa bila mizani yoyote ni kumfanya raia mwenyewe kuwa shabaha. Ile methali yetu iliyochoka kwa kutumiwa, ya tembo na nyasi, huliona jambo kama ajali ya lazima. Majaji wa kesi ya Bogoro walitakiwa kuchunguza kama tembo walikuwa wanapigana wao kwa wao, au walikuja kukanyaga nyasi.

Nia ya mtu haionekani, lakini huacha alama. Ya kwanza ni silaha. Kombora likirushwa kutoka mbali, mrushaji anaweza kudai hakuona nani yuko chini. Panga halina utetezi huo. Aliyemkata mtu kwa panga alisimama mbele yake, akamwona kuwa ni mzee, au ni mtoto, au ni mama asiye na kitu mkononi. Bogoro wapo waliouawa hivyo, ndani ya nyumba zao.

Alama ya pili ni mahali. Anayetaka kambi huenda kambini. Kijiji chote kikizingirwa na watu wakafuatwa mlango kwa mlango, inakuwa vigumu kusema kambi ndiyo iliyokuwa lengo pekee. Hapa ndipo umbali kati ya shule na nyumba, na kipi huonekana kutoka wapi, vinapokuwa ushahidi. Januari 2012 majaji walisafiri hadi Ituri na kuyatazama maeneo hayo kwa macho yao, jambo ambalo mahakama ya The Hague hailifanyi mara nyingi.

Ya tatu, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote, ni saa. Vita ya kuitwaa kambi ina mwisho: kambi ikianguka, imekwisha. Bogoro askari wa UPC walizidiwa wakakimbia, lakini mauaji yaliendelea. Watu waliokuwa wamejificha walitafutwa, na wapo waliouawa wakati hapakuwa tena na mtu wa kupigana naye.

Ziko nafasi ambazo alama hizi hazisomeki. Askari wanapokimbia na wanakijiji wakakimbia nao kwa njia moja, gizani au katika majani marefu, aliyepigwa risasi kutoka mbali anaweza kuwa raia aliyelengwa, au raia aliyepatwa na risasi iliyolenga askari. Mahakama ya jinai haiwezi kumtia mtu hatiani kwa kukisia. Kwa hiyo hesabu ya waliokufa siku ya shambulio na hesabu ya wale ambao mtu anaweza kuadhibiwa kwa vifo vyao huwa haziwi sawa, na ndugu wa marehemu huona hapo wamedhulumiwa mara ya pili.

Tena, nani alikuwa mpiganaji? Ituri ya wakati ule haikuwa na mstari safi wa sare. Wapo waliopigana na nguo za nyumbani, na wapo wasio askari waliovaa koti la kijeshi kwa sababu ndilo lililopatikana. Sheria inatazama kazi ya mtu. Aliye ndani ya kundi kwa kazi ya kudumu ya kupigana anaweza kushambuliwa hata akiwa amelala. Raia wa kawaida hupoteza kinga yake pale tu anaposhiriki moja kwa moja katika mapigano, na kwa muda anaoshiriki. Mwaka 2009 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitoa mwongozo wenye vipimo vitatu: kitendo chenyewe kiwe cha kumdhuru adui kijeshi au kudhuru watu na mali vilivyolindwa, madhara yatokane nacho moja kwa moja, na kifanywe kwa kuusaidia upande mmoja dhidi ya mwingine.

Viweke vipimo hivyo kwenye kijiji chenye kambi. Mama anayewapikia askari ugali anawasaidia, bila shaka, lakini sufuria yake haimpigi mtu; yeye ni raia. Muuza pombe anayewauzia kwa mkopo ni raia. Mke wa askari anayelala naye kambini ni raia, ingawa mahali alipo pana hatari na anaweza kuumia kambi ikishambuliwa kihalali. Kijana anayekimbiza masanduku ya risasi hadi kwa wapigaji katikati ya mapambano, huyo ameshiriki. Na askari aliyejeruhiwa akaanguka, au aliyetupa bunduki na kuinua mikono, halengwi tena. Pakiwa na mashaka kama mtu ni raia au siye, Itifaki ya kwanza inataka ahesabiwe raia. Kuwapo kwa askari wachache miongoni mwa wanakijiji hakukigeuzi kijiji kuwa jeshi.

Hukumu ilisomwa tarehe 7 Machi 2014. Germain Katanga, aliyeitwa Simba na wapiganaji wake wa Kingiti, alipatikana na hatia ya kusaidia uhalifu huo kwa kuchangia silaha na risasi zilizofika Aveba kwa ndege kutoka Beni zikagawiwa. Makosa yalikuwa mauaji, kushambulia raia, kuharibu mali na uporaji. Mashtaka ya ubakaji na ya kutumia watoto vitani hayakumtia hatiani. Majaji wawili kati ya watatu walikubali kwamba lengo la washambuliaji halikuishia kwenye kambi: walitaka pia, na kwanza kabisa, kuwaondoa Wahema raia wa Bogoro. Jaji wa tatu, Christine Van den Wyngaert, alipinga hukumu. Aliona mshtakiwa hakutendewa haki, kwa kuwa wenzake waligeuza namna ya shtaka kesi ikiwa imekwisha kusikilizwa, na aliona ushahidi hautoshi. Katanga alipewa miaka 12. Mathieu Ngudjolo, aliyeshtakiwa kuwaongoza Walendu katika shambulio hilohilo, alikuwa ameachiwa huru tangu Desemba 2012. Mwaka 2017 mahakama iliwatambua wahanga 297 na kuamuru kila mmoja apewe dola 250 kama fidia ya ishara, pamoja na misaada ya pamoja.

Upande mmoja haukuwahi kuguswa na kesi hii: ule uliopiga kambi shuleni. Sheria ya kimila inazitaka pande zinazopigana, kadiri inavyowezekana, zisiweke vituo vya kijeshi ndani au karibu na makazi ya watu wengi. Uzembe wa UPC haukuwapa washambuliaji ruhusa ya kuua raia, hilo liko wazi. Lakini mkataba ulioanzisha mahakama ya The Hague hauna kosa la kuweka kambi katikati ya nyumba. Hata kuwatumia raia kama ngao kumeorodheshwa humo kuwa uhalifu katika vita vya kati ya mataifa tu, na majaji waliviona vita vya Bogoro kuwa vya ndani ya nchi. Lubanga alitiwa hatiani Machi 2012, akapewa miaka 14, kwa kuwaingiza watoto jeshini na kuwapeleka vitani. Kosa la kuweka kambi katikati ya nyumba za Bogoro halikuwamo katika shtaka lake.