Aliyetajwa Kwenye Ubishi Usiomhusu

Kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo na ya kamati za harusi, mtu huvutwa kwenye ubishi kwa alama moja tu: @ ikifuatiwa na jina lake. Simu humwarifu hata kama alishalinyamazisha kundi, na akifungua, aliyemtaja anaweza kuona kuwa ameshasoma. Kuzima tiki za buluu hakumsaidii, maana ndani ya makundi hakufanyi kazi. Kwa hiyo kimya, ambacho kikaoni kingepita kama adabu, humu husomwa kuwa ni kukubali, au kiburi.

Kujitoa kundini ni kubaya zaidi. Tangu 2022 anayetoka hatangaziwi wote, huarifiwa wasimamizi tu. Lakini orodha ya waliotoka hubaki ikionekana kwa siku 60, na shangazi wa kuipekua hakosekani. Itasemwa amesusa.

Kinachofaa ni jibu moja, fupi, mbele ya wote. Tuseme mjomba na shangazi wanabishana kuhusu chenji ya pesa ya vinywaji, kisha mjomba anamtaja mpwa wao: “Huyu alikuwepo, aseme.” Mpwa kweli alikuwepo, ila alifika hesabu ikiwa imeshafungwa. Anaweza kuandika:

“Shikamooni wazazi wangu. Nimeona nimetajwa. Siku ile nilifika saa kumi jioni, hesabu imeshafungwa, kwa hiyo sina nililoliona. Naomba mniwie radhi, hili sitaliingia.”

Salamu inawahusu wote wawili, wala haimtangulizi mmoja. Sababu iliyotolewa ni ya saa na mahali, si maoni. Angeandika “mimi sitaki ugomvi,” angekuwa ameshawaita wakubwa wake wagomvi. Angeongeza “lakini nadhani shangazi…” angekuwa ameingia kwa mlango uleule aliokuwa akiufunga. Na angemtaja mweka hazina ili naye aje aeleze, angekuwa amemrushia mwenzake kaa la moto. Inatosha kusema daftari la michango lipo.

Ugumu huja mjomba anapomtaja tena. Hapo wengi huharibu kwa kutafuta sababu mpya, na kila sababu mpya ni kitu kingine cha kubishia. Jibu la pili liwe fupi kuliko la kwanza: “Mjomba, ni hilohilo nililosema.” Yaliyobaki yahamie kwenye simu ya kawaida, tena apige yeye mdogo, baada ya saa chache: “Shikamoo mjomba. Sikukukatalia, ni kwamba sikuona.” Kundi halihitaji kujua kuwa simu hiyo ilipigwa. Emoji za kucheka ziachwe kabisa. Aliyekasirika huziona kama dhihaka.

Haya yote ni ya asiyejua kitu. Kama mpwa aliiona chenji ikihesabiwa, yeye ni shahidi: ataje kiasi alichokiona na nani alikipokea, kisha anyamaze.