Imamu Anapomjibu Jirani Aliyelalamikia Kipaza Sauti

Jibu la imamu kwa jirani anayelalamikia sauti ya msikiti huanza na lalamiko lenyewe, si na haki ya waumini. Mathalani, muuguzi anayetoka zamu ya usiku anaeleza kwamba darsa la asubuhi humnyima usingizi. Imamu humrudishia maneno hayo kwa usahihi: ni darsa, si adhana, ni pembe ya kipaza sauti inayoelekea dirishani kwake.

Hapo ndipo maelezo ya ibada yanapoingia. Adhana hutangaza kwamba wakati wa sala umeingia, nayo humalizika kwa dakika chache. Ile ya alfajiri ina kauli ya ziada kwamba sala ni bora kuliko usingizi, jambo ambalo mlalamikaji huenda asilipokee kwa furaha. Darsa na mawaidha ni kwa waliomo ndani, hivyo hayahitaji vipaza sauti vya nje. Saudi Arabia yenyewe iliagiza mwaka 2021 kwamba vya nje vitumike kwa adhana na ikama tu, kwa theluthi moja ya sauti.

Imamu basi haahidi kuondoa adhana. Anaahidi kuhamishia darsa ndani, kugeuza pembe, na kutaja mtu wa kupigiwa simu. Ahadi huvunjika muadhini wa zamu asipoambiwa: anakuta sauti ndogo, anaipandisha. Alama ya rangi kwenye kitufe cha amplifaya huzuia hilo.