Shajara ya Kiingereza isiyosahihishwa

Mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza na kukuta baiolojia na jiografia zinafundishwa kwa Kiingereza. Anaandika Kiingereza kingi kila siku, lakini karibu chote ni cha kunakili ubaoni. Sentensi aliyoitunga mwenyewe huenda asiandike hata moja wiki nzima. Hapo ndipo shajara inapomfaa, mradi tu isigeuzwe insha.

Dakika 10 zinatosha. Aandike tarehe, kisha mambo matatu yaliyotokea siku hiyo: nani alikuja, kilipikwa nini, daladala ilikwama wapi. Habari ndogo kama hizi hurudia vitenzi vilevile, yaani kwenda, kuja, kula, kununua, kusema, na hivyo ndivyo vinavyomsumbua anayeanza. Kwetu “-li-” inamaliza kazi ya wakati uliopita. Katika Kiingereza, kitenzi cha kwenda kikiingia wakati huo hakifanani tena na umbo lake la awali. Anayelitumia umbo hilo jipya kila jioni hulizoea kuliko anayelikariri kwenye orodha.

Tuseme msichana anataka kuandika: “Mama alikwenda sokoni. Alinunua maharage. Yaliungua.” Kuungua hakujui kwa Kiingereza, kwa hiyo analiandika neno la Kiswahili, analipigia mstari na kuendelea; kamusi itafunguliwa dakika 10 zikiisha. Katika sentensi yake ya kwanza ya Kiingereza, baada ya kumtaja mama, ameongeza kiwakilishi kisichohitajika, kwa kuwa amezoea kitenzi kubeba kiambishi cha mtenda. Katika ya pili amempa mama kiwakilishi cha kiume, maana “a-” yetu haibagui jinsia. Asikamate makosa yote kwa mpigo. Jumapili asome kurasa za wiki akitafuta kosa la aina moja tu, tuseme viwakilishi, na wiki inayofuata aina nyingine.

Lakini kosa asilolijua hataliona hata akisoma mara tano. Kiingereza kina vibainishi vidogo vinavyotangulia nomino, ambavyo Kiswahili hakina, na aliyeviruka hahisi pengo lolote. Kwa hiyo kila wiki anakili sentensi mbili zisizo na siri kwenye karatasi nyingine ampelekee mwalimu. Daftari lenyewe libaki kwake. Mwalimu anayelidai ili atie wino mwekundu atapata kurasa safi zisizo na habari, kwani mtoto ataandika tu yale anayoyamudu.

Dalili ya shajara iliyodumaa ni rahisi kuiona: kila ukurasa unaanza kwa kuamka, kupiga mswaki na kwenda shule. Dawa yake ni kuyapiga marufuku hayo matatu na kuanza na jambo ambalo jana halikuwepo, hata kama ni mbuzi wa jirani aliyeingia darasani.