Mtoto Anayenenepa Bila Kurefuka: Kazi ya Homoni Mbili na Dalili za Upungufu Wake

Wazazi na walezi wengi wa kata yetu ya Didia humpeleka mtoto kliniki apimwe uzito. Kilo zikiongezeka, hurudi nyumbani wakiwa wameridhika. Lakini uzito peke yake hausemi yote. Kuna watoto wachache ambao kilo zao hupanda kama kawaida huku urefu wao ukikwama, na kwa kuwa wanaonekana wanene na wenye afya, hakuna anayeshtuka. Makala hii inaeleza kwa nini hali hiyo hutokea, na ni wakati gani mtoto apelekwe kwa daktari.

Urefu hutokana na mifupa. Karibu na ncha za mifupa mirefu ya miguu na mikono mna tabaka la gegedu laini ambalo huzaa seli mpya na kuzigeuza kuwa mfupa. Kazi hiyo huamriwa na homoni, yaani kemikali zinazotengenezwa na tezi na kusafirishwa na damu. Mbili kati yake ndizo tunazozungumzia hapa.

Ya kwanza ni homoni ya ukuaji. Hutoka katika tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo na yenye ukubwa wa punje ya njegere. Hutolewa kwa vipindi, na zaidi mtoto anapokuwa katika usingizi mzito wa usiku. Ikifika kwenye ini, hulichochea kutoa kemikali nyingine inayoisukuma gegedu ikue.

Ya pili ni homoni ya thairoidi, inayotoka katika tezi iliyo mbele ya shingo, chini kidogo ya koromeo. Tezi hiyo haiwezi kufanya kazi bila madini joto, ndiyo maana chumvi ya mezani hutiwa madini hayo. Homoni ya thairoidi hukomaza mifupa, huongoza kasi ya mwili kutumia chakula, na katika miaka miwili hadi mitatu ya mwanzo hujenga ubongo. Tena, ikipungua, hata pituitari hupunguza kutoa homoni ya ukuaji. Kwa sababu hiyo daktari huanza kwa kupima thairoidi kabla ya kuishuku pituitari.

Ni vema kujua mwendo wa kawaida. Mtoto huzaliwa akiwa na urefu wa sentimeta 50 hivi. Mwaka wa kwanza huongeza takriban sentimeta 25, mwaka wa pili sentimeta 12, na wa tatu sentimeta 8. Kuanzia miaka minne hadi kabla ya kubalehe, huongeza sentimeta 5 hadi 7 kila mwaka. Kwa hiyo swali la msingi si "mtoto huyu ni mfupi?" bali ni "ameongeza sentimeta ngapi tangu mwaka jana?" Mtoto wa wazazi wafupi anaweza kuwa mfupi kuliko wenzake, lakini kila mwaka akaongeza kiasi chake kama kawaida. Huyo hana ugonjwa.

Tuchukue mfano wa msichana mmoja wa kubuni. Akiwa na miaka minne alikuwa na sentimeta 98 na kilo 16. Alipotimiza mitano alikuwa na sentimeta 101 na kilo 18 na nusu. Alipotimiza sita, sentimeta 103 na nusu na kilo 21. Mama yake aliona kilo zikipanda vizuri akashukuru. Lakini tazama urefu: katika mwaka mmoja ameongeza sentimeta 3, na katika mwaka uliofuata sentimeta 2 na nusu, takriban nusu tu ya kiasi kinachotarajiwa. Akiulizwa zaidi, mama anasema mtoto amekuwa mzito wa kuamka, hujifunika hata mchana wa jua, ngozi imekauka na choo ni kigumu. Hizo ni dalili za upungufu wa homoni ya thairoidi.

Hapa ndipo tofauti na udumavu wa lishe inapoonekana. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na sababu kuu ni chakula duni na maradhi ya mara kwa mara. Mtoto asiyepata chakula cha kutosha kwa kawaida hupungua uzito kwanza, kisha urefu hufuata. Kwa mwenye upungufu wa homoni, urefu ndio hukwama, na uzito huendelea kupanda kama kawaida au huzidi. Kumwongezea uji hakutamrefusha.

Mwenye upungufu wa homoni ya ukuaji kwa kawaida huzaliwa na ukubwa wa kawaida, kisha kasi yake hupungua baadaye. Viungo vyake hulingana vizuri, uso hubaki wa kitoto, na mafuta hujaa tumboni. Akili yake kwa kawaida haina kasoro. Mtoto aliyekuwa akikua vizuri kisha akasimama ghafla, huku akilalamika kuumwa kichwa au kutoona vizuri, asicheleweshwe, kwani huenda kuna uvimbe karibu na pituitari.

Linalohitaji haraka kuliko yote ni kichanga aliyezaliwa na thairoidi isiyofanya kazi. Siku za mwanzo anaweza kuonekana mzima, kwa kuwa bado anatumia sehemu ya homoni aliyopata kwa mama. Baadaye umanjano wa macho hauishi hata baada ya wiki mbili, hulala mno, hunyonya kwa uvivu, sauti ya kilio ni nzito, ulimi ni mkubwa na kitovu kimetokeza. Mtoto huyo apelekwe hospitali mara moja. Dawa ikianza katika wiki mbili za mwanzo, ubongo huokolewa. Ikichelewa kwa miezi, urefu unaweza kurudi lakini akili iliyopotea hairudi.

Kipimo cha thairoidi ni cha damu. Upungufu ukithibitishwa, mtoto hupewa kidonge cha levothairoksini kila siku, asubuhi kabla ya kula, na kipimo hurudiwa ili dozi ilingane na umri na uzito wake. Homoni ya ukuaji ni ngumu zaidi kupima. Kwa kuwa hutolewa kwa vipindi, damu ya mara moja haitoshi. Mtoto hupigwa picha ya mkono ili kuona ukomavu wa mifupa, kisha hufanyiwa vipimo maalumu katika hospitali kubwa. Tiba yake ni sindano za kila siku kwa miaka, nayo ni ya gharama kubwa. Tiba zote mbili zina kikomo: gegedu zikishafunga mwishoni mwa balehe, urefu hauongezeki tena.

Kwa hiyo, unapokwenda kliniki, omba mtoto apimwe urefu pamoja na uzito, na vyote viandikwe kwenye kadi. Baada ya miaka mitano, mahudhurio ya kliniki yanapokoma, mpime mwenyewe nyumbani kila miezi sita: avue viatu, misuko ya utosini ifumuliwe, visigino na kisogo viguse ukuta, kisha weka alama na tarehe. Usihukumu kwa mwezi mmoja, kwa kuwa kosa dogo la kupima hutosha kukudanganya. Lakini mtoto wa miaka minne na kuendelea, ambaye hajabalehe, akiongeza chini ya sentimeta 4 kwa mwaka mzima, mpeleke kituo cha afya ukiwa na kadi na vipimo hivyo, na umwombe mganga rufaa ya kwenda hospitali ya mkoa, na ikibidi, Bugando jijini Mwanza.